Bosi wa zamani awe mrejelewa wangu: nimwandikie vipi?

"Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja hapa Malindi kuanzia 2021 hadi Mei 2024, tulipopunguzwa msimu ulipokufa. Sasa nataka kuomba kazi ya msimamizi wa mapokezi hoteli moja huko Lamu, upande wa Shela. Tangazo linataka warejelewa watatu, na mmoja lazima awe bosi aliyekusimamia. Meneja wangu alihamia hoteli nyingine Kilifi na hatujaongea tangu nitoke. Naona haya kumtafuta leo kwa sababu nina shida. Rafiki yangu asema niandike tu jina na namba yake, wakimpigia atajua la kusema. Mwingine asema niandike barua mwenyewe nimpelekee atie sahihi. Mimi nilifikiri kumwandikia imeili, lakini niiandike vipi ili asinikatalie? Nina wiki mbili kabla maombi hayajafungwa."

Dada yangu, rafiki wa kwanza anakutakia heri, lakini ushauri wake ndio utakaokuharibia, kwa hiyo nianze nao. Kazi yangu ni kuwatafutia hoteli za ukanda huu wafanyakazi, na simu za warejelewa huzipiga mimi. Acha nikueleze zinavyokwenda.

Nampigia meneja wako kwa namba asiyoijua. Ni saa nne asubuhi, wageni wanaondoka, kuna anayelalamikia bili na kuna gari la uwanja wa ndege halijafika. Najitambulisha, nataja hoteli, kisha nataja jina lako. Kama hukumwambia kitu, jibu la kwanza ninalosikia ni kimya. Halafu: "Nani? Aa, yule wa mapokezi? Ndiyo, ndiyo... nadhani alikuwa sawa." Hana ubaya na wewe hata kidogo. Anatafuta sura yako miongoni mwa vijana wengi wa zamu waliopita mikononi mwake, na anaitafuta huku mtu mwingine amesimama mbele yake akimsubiri. Lakini mimi sioni hayo. Ninachosikia ni bosi aliyesita alipoulizwa habari zako, na watu wawili wakikaribiana kwenye usaili, kusita huko kunatosha kumpa nafasi yule mwingine.

Meneja aliyearifiwa husikika tofauti kabisa. "Naam, aliniambia mtapiga. Alikuwa mapokezi kwangu, zaidi ya miaka mitatu. Zamu ya usiku nilikuwa namwachia bila wasiwasi." Huenda mameneja hawa wawili walikupenda sawasawa. Mmoja alikumbushwa na mwingine hakukumbushwa, basi.

Kuna na jambo la adabu, ambalo siku hizi ni la sheria pia. Namba yake ya simu na anwani yake ni taarifa zake binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayotaka taarifa za mtu zishughulikiwe kwa msingi halali, na ridhaa yake ndiyo iliyo wazi kuliko yote. Hakuna atakayekukamata kwa kuandika namba ya bosi kwenye wasifukazi. Lakini mtu akiona namba yake imefika Shela bila yeye kuulizwa, hatakuwa na moyo mweupe wakati wa kukusemea.

Sasa hilo neno lako, "asinikatalie". Naomba ulitazame upya, kwa sababu ndilo linaloamua barua yako itaandikwa vipi. Mtu anayeogopa kukataliwa huandika barua ya kumbana mwenzake: sifa nyingi, maombi mengi, "wewe tu ndiye tegemeo langu". Akibanwa hivyo, mtu muungwana wa pwani hatakuambia hapana. Atakuambia "sawa, hakuna shida", kisha nikimpigia mimi atanijibu kwa baridi, au hatapokea simu. Mrejelewa wa shingo upande ni hasara kuliko aliyekataa, kwa sababu aliyekataa unamjua na unatafuta mwingine mapema. Kwa hiyo barua nzuri humrahisishia kukubali, na papo hapo humwachia mlango wazi wa kukataa bila aibu.

Hana wajibu wa kukubali pia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inampa mfanyakazi aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi haki ya kupewa cheti cha utumishi anapotoka: jina la mwajiri na anwani yake, jina lako, tarehe uliyoanza na uliyoacha, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia. Hicho ni chako, na kama hukupewa, kiombe kutoka hoteli yenyewe wiki hii hii. Lakini kifungu hicho hicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa maelezo kuhusu tabia au utendaji wako. Unachomwomba meneja ni hisani. Iombe kama hisani, na utaona hata haya zako zinapungua, kwa sababu hudai kitu.

Haya hizo nazielewa. Miaka imepita, hukumjulia hali, Idi zimekuja na kwenda, leo unabisha hodi na shida mkononi. Ukweli ni kwamba mameneja wa hoteli wamezoea. Watu wa kazi hii huhama kila msimu, na karibu kila meneja mwenyewe alipata kazi yake ya sasa kwa sababu mtu wa nyuma alipokea simu. Hatashangaa kuombwa. Kinachomuudhi ni kuzungushwa: umpigie, umuulize watoto, umuulize mama, umuulize hali ya biashara Kilifi, na dakika ya kumi na mbili ndipo useme ulichotaka. Hapo ndipo anapohisi salamu zote zilikuwa chambo. Salimia kwa ukamilifu, kisha sema shida yako mapema.

Kabla ya barua pepe, mtumie ujumbe mfupi kwa WhatsApp. Sababu ni ya kiutendaji: anwani aliyokuwa nayo hoteli yenu ya zamani imekufa alipohama, na hujui anayotumia sasa. Kwenye ujumbe huo litaje jambo lenyewe kwa mstari mmoja tu bila kumtaka jibu hapo hapo, na tafadhali usitume sauti ya dakika tatu. Andika hivi:

> Assalaam alaykum Bwana Fulani, ni fulani niliyekuwa mapokezi chini yako Malindi, 2021 hadi 2024. Natumai hujambo na nyumbani salama. Naomba kazi ya msimamizi wa mapokezi huko Shela na ningependa kukuuliza kama utaridhia kuwa mrejelewa wangu. Maelezo nimeyaandika kwa barua pepe ili uyasome ukipata nafasi. Nikutumie kwa anwani gani?

Ukishapewa anwani, barua iende siku hiyo hiyo. Ukiweza, ifike katikati ya asubuhi, kikao cha idara kikishaisha, au alasiri. Ijumaa mchana iepuke. Na kama maombi yako yangeangukia Agosti, au kati ya katikati ya Desemba na mwanzo wa Januari, ningekuambia uongeze siku za kusubiri, maana siku hizo meneja wa hoteli pwani hasomi chochote kisichohusu chumba.

Barua yenyewe iwe fupi kiasi cha kusomeka kwenye simu bila kuchoka. Hii hapa nimekuandikia kwa kutumia habari zako. Tukio la bukingi na mengine ambayo hukuniambia nimeyabuni ili uone namna ya kuyaandika. Wewe weka yaliyotokea kweli.

> Kichwa: Ombi la kuwa mrejelewa wangu, kazi ya mapokezi Shela, jibu kabla ya Ijumaa tarehe 14
>
> Assalaam alaykum Bwana Fulani,
>
> Asante kwa kunipa anwani yako. Nilifanya kazi mapokezi chini yako kuanzia Machi 2021 hadi Mei 2024, mwaka wa mwisho nikiwa zamu ya usiku.
>
> Ninaomba kazi ya msimamizi wa mapokezi katika hoteli moja Shela, Lamu. Wanataka mrejelewa mmoja awe meneja aliyenisimamia. Je, utaridhia niandike jina lako, na unaona unaweza kunisemea vizuri kwa kazi ya aina hii?
>
> Ukikubali, hutahitaji kuandika barua yoyote. Tangazo linasema watawapigia simu warejelewa wa wale watakaoitwa kwenye usaili, baada ya tarehe 20. Kwa kawaida ni simu ya dakika tano hadi kumi.
>
> Ili kukukumbusha, haya ndiyo yanayokaribiana zaidi na kazi ninayoomba:
>
> Agosti 2022 kundi la wageni lilifika usiku na vyumba vinne vilikuwa vimeuzwa mara mbili. Niliwatafutia nafasi hoteli ya jirani, nikapanga usafiri, na asubuhi ulikuta ripoti mezani. Kundi lile lilirudi mwaka uliofuata.
>
> Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa nafunga hesabu za usiku na kukabidhi pesa kwa mhasibu kila asubuhi.
>
> Niliwafundisha kazi vijana wawili wapya wa mapokezi.
>
> Wakiuliza sababu ya kuondoka, mimi nimeandika kwamba nafasi zilipunguzwa Mei 2024. Kama unakumbuka tofauti, tafadhali niambie.
>
> Naomba unijulishe kabla ya Ijumaa tarehe 14, na uniambie namba ya simu na anwani ambayo ungependa niwape. Kama huna nafasi wakati huu, au unaona kuna mtu aliyeijua kazi yangu vizuri zaidi, nitaelewa kabisa. Neno moja tu linatosha.
>
> Nimeambatisha wasifukazi wangu, na tangazo la kazi nimelibandika hapa chini.
>
> Wako,
> (jina na namba yako ya simu)

Tazama kichwa cha barua kwanza. Meneja anakiona kabla ya kufungua: anajua ni ombi gani, la kazi gani, na lini unataka jibu. Kichwa kama "Salamu" au "Ombi muhimu" humwacha akisema atafungua jioni, na jioni ya meneja wa hoteli haifiki.

Kisha swali lenyewe. Liko kwenye aya ya pili, na lina sehemu mbili: utaridhia, na je unaweza kunisemea *vizuri*. Neno hilo moja linafanya kazi kubwa. Linampa nafasi ya kusema "nitathibitisha ulifanya kazi hapa, lakini zaidi ya hapo sidhani." Jibu hilo si zuri kulisikia, lakini ni afadhali ulisikie wewe leo kuliko nilisikie mimi baada ya tarehe 20.

Aya ya tatu inaondoa hofu ambayo mameneja wengi hawaisemi. Mtu akisoma "niwe mrejelewa wako" hajui anaitikia nini. Ni barua ya kurasa mbili? Ni fomu ya mtandaoni yenye maswali arobaini? Je, nikimsemea vizuri na akaharibu kazi huko, nitadaiwa? Ukimwambia wazi kwamba ni simu moja, baada ya tarehe fulani, ya dakika chache, mzigo umepungua mbele ya macho yake. Soma tangazo lako vizuri kabla ya kuandika sehemu hii. Kama hoteli hutuma fomu kwa barua pepe, mwambie hivyo, na umwambie itatoka kwa anwani gani, kwa sababu fomu hizo mara nyingi huangukia kwenye folda ya `Spam` na mrejelewa haoni chochote. Nimeona watu wakipoteza nafasi kwa hilo tu: bosi alikubali kwa moyo wote, fomu ikakaa wiki mbili bila kufunguliwa, na hoteli ikadhani amewapuuza.

Sehemu ya kukumbusha ndiyo ninayotaka uitumie muda wako mwingi. Watu huandika "nilikuwa mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma". Meneja hawezi kurudia hayo kwenye simu kwa sababu hayajamrudishia picha yoyote. Anachoweza kurudia ni usiku wa Agosti, vyumba vinne, wageni waliosimama na mabegi. Akilikumbuka hilo, atanisimulia kwa maneno yake mwenyewe, na masimulizi yenye undani ndiyo tunayoyaamini sisi tunaopiga simu. Chagua matukio mawili au matatu aliyoyaona yeye kwa macho yake, au yaliyomfikia mezani asubuhi. Ulichofanya vizuri zamu ambayo hakuwepo, kikaandikwa kwenye daftari la mapokezi tu, hakitamsaidia.

Yachague pia kwa kuitazama kazi mpya. Wewe ulikuwa mhudumu wa mapokezi na sasa unaomba usimamizi. Hoteli ya Shela haitaniuliza kama unajua kutabasamu na kutoa funguo. Itataka kujua kama unaweza kuachiwa pesa, kama unaweza kuongoza wenzako, na kama mambo yakiharibika saa sita usiku utamwamsha meneja au utayamaliza. Ndiyo maana kwenye mfano wangu nimeweka hesabu za usiku, vijana waliofundishwa, na vyumba vilivyouzwa mara mbili. Ungekuwa unaomba kazi ya kuuza safari za wageni, ningeweka mambo mengine kabisa, ingawa bosi ni yule yule.

Usitie chumvi, hata kidogo. Ukisema ulifundisha vijana watano na yeye anakumbuka wawili, ataanza kulitilia shaka na lile la Agosti.

Halafu ule mstari wa sababu ya kuondoka. Hilo ni swali ninalowauliza warejelewa wote, na ndilo linalowakwamisha zaidi. Mwombaji ameniambia nafasi zilipunguzwa, bosi, kwa kutokumbuka, ananiambia "nadhani aliacha mwenyewe." Hakuna aliyesema uongo, lakini mimi sasa nina hadithi mbili. Mkubaliane mapema, na mkubaliane kwenye ukweli. Kupunguzwa wakati wa masika si aibu pwani hii. Hoteli nyingi hupunguza au hufunga kabisa kati ya Aprili na Juni, na huko Shela wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Cheti chako cha utumishi kitathibitisha tarehe, kwa hiyo hakikisha tarehe zilizo kwenye barua, wasifukazi na cheti ni zile zile.

Kuhusu namba na anwani, mwulize anataka atafutwe kwa ipi. Waajiri wengine humwamini zaidi mrejelewa mwenye anwani ya kazini kuliko ya binafsi, maana ya kazini inaonyesha kwamba kweli ni meneja wa mahali fulani. Akikupa zote mbili, weka ya kazini kwenye wasifukazi. Cheo chake uandike cha sasa, kisha ufafanue uhusiano wenu: "aliyekuwa meneja wangu Malindi, 2021 hadi 2024". Bila maelezo hayo, mtu wa Shela ataona meneja wa Kilifi na kujiuliza mlikutana wapi.

Lugha ni ile mliyokuwa mkizungumza kazini. Nimekuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nadhani ndicho mlichozoeana. Kama yeye alikuwa akiwaandikia kwa Kiingereza, mfuate huko, mpangilio ubaki huu huu. Na waandikie warejelewa wako watatu kila mmoja peke yake. Barua moja iliyotumwa kwa watu watatu pamoja kila mmoja huiacha akidhani wale wengine watajibu.

Rafiki wa pili, yule wa kuandika barua mwenyewe na kuipeleka itiwe sahihi. Hapa jibu langu lina pande mbili. Meneja *akikuomba* umwandikie rasimu kwa sababu ana shughuli nyingi, si kosa. Mpe maelezo mafupi ya matukio na tarehe, naye aandike au arekebishe kwa maneno yake. Lakini kumpelekea barua iliyokamilika bila kuulizwa ni kumwekea maneno mdomoni. Na sisi huwa tunaigundua: barua ya bosi inafanana mno na barua ya maombi, makosa ya herufi ni yale yale, hata sifa zimepangwa vile vile. Nikimpigia bosi kuuliza jambo moja lililomo ndani, hajui ninazungumzia nini. Kwa vyovyote, tangazo lako halikutaka barua. Limetaka jina la mtu atakayepokea simu.

Sasa tuhesabu wiki zako mbili. Ujumbe wa WhatsApp leo au kesho, barua siku atakayokupa anwani, na tarehe ya kujibu uiweke siku tano za kazi kabla ya maombi kufungwa. Siku hizo tano ni za kumtafuta mwingine endapo huyu hatapatikana. Barua ikikaa siku tatu kimya, mpigie mara moja. Sema: "Bwana Fulani, shikamoo, nilikutumia barua Jumatatu, nimepiga kuhakikisha imefika." Usimuulize kama amekubali, mwache yeye aliseme. Baada ya simu hiyo, usisukume tena.

Jifunze pia kusikia hapana ya kistaarabu. "Nitaangalia." "Wape tu namba ya ofisi, watasaidiwa." "Inshallah, tutaona." Mtu aliyekubali huuliza maswali: lini watapiga, hoteli gani, wanalipa vipi huko. Asiyeuliza chochote na anayekupeleka kwa ofisi, mshukuru na uendelee mbele. Wakati mwingine si wewe kabisa. Baadhi ya kampuni kubwa za hoteli na mashirika huwakataza mameneja kuzungumzia waliokuwa wafanyakazi, na idara ya rasilimali watu ndiyo pekee inayoruhusiwa kuthibitisha tarehe na cheo. Akikuambia hivyo, muulize kama anaweza kukusemea kwa jina lake mwenyewe, kama mtu aliyefanya kazi nawe, kwa namba yake binafsi. Sera za mwajiri wake wa sasa Kilifi huenda hazihusu alichokishuhudia Malindi, lakini uamuzi ni wake, na akisita usimshawishi.

Endapo meneja mkuu hapatikani, tangazo lilisema bosi "aliyekusimamia", halikusema mkubwa wa hoteli. Msimamizi wa zamu, meneja msaidizi, au mhasibu aliyekuwa akipokea hesabu zako kila asubuhi anaweza kufaa, na mara nyingi hujua kazi yako kwa ukaribu zaidi. Mhasibu hasa, kwa kazi ya mapokezi, ni shahidi mzito sana. Mtu aliyehesabu pesa zako kwa mwaka mzima na kusema hazikupungua, mimi humsikiliza kwa makini kuliko meneja anayesema ulikuwa mchangamfu. Kama tangazo haliko wazi, wapigie hoteli ya Shela uwaulize kama msimamizi wa zamu anakubalika. Hawatakuona vibaya kwa kuuliza.

Yapo mazingira ambayo barua haitoshi, na hapo nakuomba uende kwa mtu ana kwa ana. Kama mliachana kwa ugomvi, kama ulituhumiwa jambo la pesa, au bado unadai mshahara au malipo ya kupunguzwa kazi, usimwandikie ombi hili kwanza. Kama hoteli ya zamani inakataa kukupa cheti cha utumishi, hilo nalo lina mahali pake. Nenda ukamwone afisa wa kazi wa serikali katika kaunti yako ukiwa na barua ya ajira, hati za malipo na barua ya kupunguzwa. Na kama ulikuwa mwanachama wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, mwone mwakilishi wa tawi. Mambo hayo hayaishi kwa wiki mbili, kwa hiyo kwa kazi hii ya Shela tegemea warejelewa wengine huku yakiendelea.

Akishakubali, bado una jumbe tatu za kumtumia, zote za mistari miwili. Ya kwanza siku utakayotuma maombi, kumshukuru na kumwambia jina lake limeingia. Ya pili siku utakayoitwa usaili, kwa sababu simu yangu hufuata hapo, na atakuwa amesahau tena tarehe. Ya tatu matokeo yakitoka, uwe umepata au umekosa. Hiyo ya mwisho wengi huiacha hasa wanapokosa, kisha mwaka unaofuata wanaona haya kumtafuta tena.